Namba 6.6 na kidaftari nilichokataa kusoma

Mama wa miaka 49, mkazi wa Magomeni, ana duka la vitenge Kariakoo. Ana kisukari cha aina ya pili, huu ni mwaka wa saba. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha, naye ameridhia kisa chake kiandikwe. Kosa lililomo ni langu, na hilo nimeliacha lilivyo.

Tarehe 13 Mei alikuja kliniki. Karatasi ya maabara ilikuwa imetangulia mezani: HbA1c, kile ambacho wagonjwa wetu hukiita kipimo cha sukari ya miezi mitatu, 6.6%. Mwezi Februari ilikuwa 9.4%. Lengo lake tulikuwa tumeliweka chini ya 7. Nikampongeza. Akatoa mkobani kidaftari chake cha mistari, kile anachoandikia vipimo vya glukomita ya nyumbani, akasema, "Lakini daktari, huku nyumbani mashine inaniambia mambo mengine." Nikakitazama juujuu, nikaona 11.8, nikaona 13.4, nikamjibu kwamba glukomita huonyesha dakika moja tu, ila kipimo cha maabara kinaonyesha miezi mitatu yote. Nikaogopa sukari isije ikamshuka akiwa peke yake dukani, nikamwachisha glibenklamidi, akabaki na metformini peke yake. Kwenye faili nikaandika: "Hali nzuri, dawa zimepunguzwa."

Siku 16 baadaye alirudi kabla ya tarehe yake. Kiu, kukojoa mara nne au tano usiku, na fangasi sehemu za siri. Glukomita ya kliniki ilisoma 16.8. Safari hii hakusema neno. Alikiweka kidaftari mezani, akakifungua, akanigeuzia.

Jambo ambalo sikuliuliza tarehe 13 lilikuwa ukurasa mmoja tu nyuma katika faili lilelile. Tarehe 17 Aprili alilazwa kwa kutokwa damu nyingi. Ana uvimbe kwenye kizazi, fibroidi, na hedhi yake kwa zaidi ya mwaka mmoja ilikuwa ikimaliza siku tisa, kumi. Kiwango cha damu kilikuwa kimefika 5.9. Akaongezewa chupa tatu, akatoka wodini akiwa na 8.8, akapewa vidonge vya kuongeza damu vya miezi mitatu. Mimi nilimpima HbA1c siku ya 26 baada ya chupa hizo.

Kabla ya kueleza kilichotokea, niseme hiki kipimo kinahesabu nini hasa. Glukosi iliyomo kwenye damu hujishika yenyewe kwenye himoglobini ya chembe nyekundu, polepole, bila kimeng'enya chochote, na ikishashika vizuri haibanduki tena mpaka chembe nyekundu inapokufa. Chembe huishi siku 120 hivi. Mashine hutuambia ni asilimia ngapi ya himoglobini imeshikwa na sukari. Kwa hiyo namba inategemea mambo mawili: sukari ilikuwa nyingi kiasi gani, na chembe zimekaa ndani ya sukari hiyo muda gani. Sisi husoma namba kana kwamba la pili halibadiliki. Kwa watu wengi kweli halibadiliki sana, ndiyo maana kipimo kinafaa, na mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilikikubali hata kwa kugundulia ugonjwa, kuanzia 6.5%.

Mama huyu alinielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi, tena alinisahihisha mfano. Nilianza kumweleza habari za chembe changa na kuukuu, akanikatisha: "Kama vitenge vya mbele ya duka." Vile anavyovitundika mlangoni hushika vumbi la barabarani. Ukitaka kujua barabara ina vumbi kiasi gani, pangusa kitenge kilichokaa mlangoni miezi miwili. Ukipangusa kilichofunguliwa kwenye robota asubuhi ya leo, utasema Kariakoo hakuna vumbi. Na ukiazima vitenge vya jirani mwenye duka la ndani, lenye kioo, basi unapima vumbi la duka lake.

Yeye yalimpata yote mawili kwa mpigo. Tuanze na la kuazima. Siku aliyotoka wodini, kati ya 8.8 alizokuwa nazo, 5.9 zilikuwa zake na 2.9 za watu wengine, yaani karibu theluthi moja. Wachangiaji damu kwa kawaida ni watu wasio na kisukari. Tukichukua kwamba damu yao ina HbA1c ya 5.3% na yake ni 9.4%, mchanganyiko unatoka hivi:

```
(5.9 × 9.4 + 2.9 × 5.3) ÷ 8.8 = 8.05
```

Tone moja la dawa halijaongezwa, chakula ni kilekile, na namba imeshuka kutoka 9.4 hadi 8. Hesabu hii ni ya kukadiria. Damu ya benki huhifadhiwa kwenye maji yenye glukosi, na kuna wagonjwa ambao namba yao baada ya kuongezewa damu haishuki, hata hupanda kidogo, hasa kama wao wenyewe walikuwa na namba ya chini. Ila kwa mtu mwenye sukari ya juu kama yeye, mwelekeo wa kawaida ni kushuka.

La pili, nalo ndilo lililofanya kazi kubwa zaidi hadi kufika ile siku ya 26, ni vidonge vya kuongeza damu. Uboho uliokuwa na njaa ya madini ya chuma ukipata chuma hufungua robota baada ya robota. Damu yake ilipanda kutoka 8.8 hadi 10.4 kwa muda huo, lakini chembe mpya zilikuwa nyingi kuliko hiyo tofauti, kwa sababu chembe kuukuu, zake na za wachangiaji, nazo zilikuwa zinakufa na kuzibiwa nafasi. Theluthi moja hivi ya damu yake siku ile ilikuwa na umri usiozidi wiki nne. Chembe ya wiki mbili hata iogelee kwenye sukari ya 12 itakuwa haijashika kitu cha maana. Hapo 6.6 haishangazi tena.

Nami nilikuwa na njia ya kulishtukia hili bila hata kujua habari ya chupa tatu. Kila HbA1c ina wastani wa sukari unaolingana nayo, na hesabu yake si ngumu, kwa vipimo vya mmol/L:

```
wastani wa sukari = 1.59 × HbA1c − 2.59
```

Kwa 6.6 unapata 7.9. Kidaftari chake kilikuwa na vipimo 22 vya wiki tatu, asubuhi kabla ya chai na saa mbili baada ya chakula cha mchana, na wastani wake ni 12.1. Ni kweli nyakati mbili za siku haziwakilishi saa zote 24. Lakini katika vipimo vyote 22 hakuna hata kimoja kilichokuwa chini ya 9. Mtu hawezi kuwa na wastani wa 7.9 akiwa hajawahi hata mara moja kuonekana karibu na 7.9. Tena, kushuka kwa pointi 2.8 katika miezi mitatu ni kazi ambayo metformini inayoanzishwa leo haiiwezi. Hiyo kwa kawaida hushusha pointi moja, moja na nusu. Yeye hakuanzishiwa chochote.

Nilipokiri moyoni kwamba kidaftari ndicho kilichosema kweli, kulibaki swali moja, na si la kurukwa. Glukomita nyingi nazo hudanganywa na upungufu wa damu. Chembe zikiwa chache, majimaji huingia kwa urahisi zaidi kwenye stripu na mashine husoma juu kuliko ukweli. Je, kama ile 12.1 nayo ni ya kupandishwa? Nikamtoa damu ya mshipani kwenye chupa ya kifuniko cha kijivu, ile yenye dawa ya kuzuia chembe zisiile sukari (ikikaa bila hiyo, sukari hupungua asilimia 5 hadi 7 kila saa, na foleni ya maabara zetu tunaijua), na dakika ileile nikamtoboa kidole. Maabara 15.9, glukomita 16.8. Glukomita ilizidisha, lakini kwa kiasi kidogo tu. Hata ningekata asilimia 10 kwenye wastani wa kidaftari, inabaki 10.9, ambayo inalingana na HbA1c ya 8.5. Bado hatujaikaribia 6.6.

Nikapeleka pia fruktosamini. Hiki hupima sukari iliyoshika protini za majimaji ya damu, hasa albumini, badala ya chembe. Albumini haijali kama umeongezewa chembe au umepewa chuma. Inaishi muda mfupi, kwa hiyo jibu linahusu wiki mbili tatu zilizopita. Haifai kwa mtu anayepoteza protini kwenye mkojo au mwenye albumini ya chini, ndiyo maana nilipima na hizo, zikawa sawa. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa: 438, ilhali mwisho wa kawaida ni 285. Kwa hapa mjini kipimo hiki si cha kukikuta kila maabara, na sidhani ningekipigania sana kama kusingekuwa na deni langu kwake. Kidaftari na chupa ya kijivu vilikuwa vimeshatosha.

Nikashuka maabara kuuliza kama ile sampuli ya tarehe 13 ilikuwa na lolote la ajabu. Mashine yetu ni ya HPLC: inasukuma damu kwenye mrija uliojazwa kitu kinachozishika aina za himoglobini kwa nguvu tofauti, kila aina inatoka kwa dakika yake, na unapata grafu yenye vilele. Karatasi inayotufikia kliniki huwa na namba moja tu. Grafu hubaki kwenye kompyuta.

Mtaalamu wa zamu aliifungua, akaisogeza, akanyamaza kidogo. "Dokta, huyu mama ana S."

Kulikuwa na kilele kidogo mahali pa himoglobini S, ile ya selimundu. Mawazo yangu yalikimbia moja kwa moja: anabeba kinasaba cha selimundu, mashine imechanganyikiwa, kumbe ndiyo sababu. Katika nchi yetu wabebaji ni wengi mno, na wazo hilo si la kijinga. Yule mtaalamu akatikisa kichwa. "Soma asilimia." Ilikuwa 3.

Mtu aliyerithi S kutoka kwa mzazi mmoja huwa nayo asilimia 35 hadi 40, pengine pungufu kidogo akiwa na upungufu wa chuma. Hakuna mbebaji wa asilimia 3. S ile haikuwa yake. Mmoja wa wale watatu waliomchangia alikuwa mbebaji, mzima wa afya, pengine hajui mpaka leo. Damu ya wachangiaji siku ile ilikuwa imebaki kama moja ya tano ya damu yote. Gawa kwa tatu, chukua asilimia 38 yake, unapata takriban 3. Nilisimama pale nikiwatazama watu wengine kwenye grafu ya mgonjwa wangu, wiki nne baada ya mimi kuandika "hali nzuri".

Hapa niingize habari ya selimundu yenyewe, maana swali hili hutujia kila wiki na majibu huchanganywa. Mbebaji bado ana himoglobini A ya kutosha, na chembe zake huishi karibu muda wa kawaida. Kinachoamua kama namba yake ni ya kuaminika ni mashine. Zipo zinazoitenganisha S na kuhesabu sukari kwenye A peke yake, na hizo hukosea kidogo tu. Zipo, hasa za zamani, ambazo S huziharibia hesabu, juu au chini. Zipo pia zinazotumia kingamwili kutambua ncha ya mnyororo wa beta iliyoshikwa na sukari; hizi hutoa namba bila grafu, kwa hiyo usingeiona S hata kama ipo. Swali la kumuuliza mtu wa maabara ni: mashine yetu ni ya njia gani, na mtengenezaji anasema nini kuhusu S?

Mgonjwa wa selimundu mwenyewe, aliyerithi S pande zote mbili, ni habari nyingine kabisa. Hana himoglobini A, kwa hiyo hana HbA1c ya kupima. Mashine inayoweza kupima sukari kwenye himoglobini ya aina yoyote itakupa namba, lakini chembe zake hufa ndani ya wiki chache, namba itakuwa ya chini siku zote, na hakuna mashine itakayorekebisha hilo. Na kama ameongezewa damu, A yote unayoiona kwenye grafu ni ya wachangiaji. Ukitoa HbA1c hapo, umempima mtu usiyemjua aliyejitolea damu siku fulani. Huyo mfuatilie kwa glukomita na fruktosamini, basi.

Turudi kwa mama. Ile 9.4 ya Februari nayo nimeacha kuiamini. Wakati ule damu yake ilikuwa 7.4 na chembe zake ndogo mno, MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe, ikiwa 66, sura ya upungufu wa chuma uliokaa. Uboho usio na chuma huleta chembe mpya kidogo, kwa hiyo zilizopo kwa wastani ni kuukuu, na namba hupanda kuliko inavyostahili: dukani hakuna mzigo mpya, kila kitenge kimekaa mlangoni muda mrefu. Kutokwa damu kwa ghafla nako huvuta upande mwingine, maana uboho hujitahidi kufidia. Kwa mtu mwenye vyote viwili siwezi kusema ni kipi kilishinda kwa kiasi gani. Kidaftari cha Februari kina vipimo tisa tu, wastani 10.8, na hiyo inalingana na 8.4. Kwa hiyo inaelekea "mafanikio" yangu ya pointi 2.8 yalikuwa na namba iliyosukumwa juu mwanzoni na iliyovutwa chini mwishoni, huku sukari yenyewe, ukifuata vidaftari, ikiwa imepanda.

Nilimwomba radhi. Aliniambia, "Mimi nilidhani mashine yangu ndiyo mbovu, nikataka kuitupa." Nikamrudishia glibenklamidi, nikamwongezea insulini ya kulalia yuniti 10, nikampangia kupima asubuhi kila siku na baada ya chakula siku tatu kwa wiki, na nikamwambia tutaendeshwa na kidaftari mpaka Agosti. HbA1c tuliifuta kabisa kwenye fomu zake kwa muda huo. Miezi mitatu tangu chupa ya mwisho ndiyo muda wa chini tunaoungoja, lakini kwa yeye hata kalenda peke yake haikutosha: nilitaka pia damu iwe imefika juu na kutulia, ili uboho usiwe bado unafungua marobota. Mtu anaweza kutimiza miezi mitatu akiwa amechelewa kuanza vidonge vya chuma, na namba ikadanganya tena.

Tarehe 21 Agosti damu ilikuwa 12.3, sawa na ya mwezi uliotangulia. Wastani wa kidaftari wiki nne za mwisho ulikuwa 9.8, na kwa hesabu ile nilitegemea 7.8. Maabara ilitoa 7.9. Niliomba grafu ichapishwe. Kilele cha S hakikuwepo.

Swali alilouliza siku hiyo halikuhusu sukari. Alitaka kujua kama ile S iliyopita mwilini mwake inaweza kumpata mwanawe wa mwisho, aliyemnyonyesha na kumwachisha miaka mingi nyuma. Nikamweleza kwamba kinasaba hurithiwa kwa wazazi mimba inapotungwa, hakipiti kwenye chupa ya damu, na chembe zile zilishakufa zote. Akacheka, akasema basi mgeni ameaga.

Upasuaji wa kuondoa kizazi umepangwa Oktoba. Juu ya jalada la faili lake, kwa kalamu nyekundu, nimeandika tarehe 17 Aprili na chupa tatu. Chini yake nimeandika kwamba HbA1c ichukuliwe wiki ya kabla ya upasuaji, na akiongezewa damu tena isipimwe kabla ya mwisho wa Januari. Fomu zetu za maabara hazina sehemu ya kuuliza kama mgonjwa ameongezewa damu. Naandika pembeni kwa mkono.